Kupima matundu ya hewa kwenye banda la kiwanda lenye joto: tunahesabu kiwanda cha mikate Malindi hatua kwa hatua

Watu wengi wakijenga kiwanda huku pwani hesabu ya hewa wanamwachia upepo, kwani upepo si tunao, kusi miezi kibao halafu kaskazi, sasa mtu anaweka madirisha makubwa upande wa bahari na anaona kamaliza. Lakini angalia kalenda vizuri. Kaskazi ikianza kulegea mwezi wa tatu kuingia wa nne, kabla kusi haijashika, kuna siku bahari imelala kabisa na jani la mnazi halitikisiki, na hiyo ndiyo miezi ambayo joto letu liko juu. Siku hiyo oveni zinawaka kama kawaida na upepo haupo. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu: matundu unayapima kwa siku ya shwari, ukitegemea hewa moto kupanda yenyewe kama inavyopanda kwenye dohani, halafu ndio unamleta upepo kwenye hesabu kuangalia kama atakusaidia au atakuharibia. Ukianza na upepo utapata matundu madogo yanayofanya kazi Julai na kufeli Machi.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili namba zishikamane. Banda la kuoka mikate, urefu mita 24, upana mita 12, ukuta unaishia mita 4.5 na mgongo wa paa uko mita 6.5, paa la mabati, ndani oveni mbili za dizeli, mashine za kukanda, na watu kumi na kitu.

Hatua ya 1: joto linaloingia ndani ni kiasi gani

Hapa ndipo watu wanakisia na hapa ndipo hawafai kukisia. Anza na mafuta. Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama kilowati-saa 10, kwa hiyo oveni zikinywa lita 12 kwa saa (zote mbili) hizo ni kilowati 120. Sio zote zinabaki bandani, sehemu inatoka na moshi kwenye bomba, sehemu inakaushia maji ya unga, zinazobaki zinatoka kwenye kuta za oveni, mlango ukifunguliwa, na mikate yenyewe ikipoa kwenye rafu. Kwa mfano huu nachukua theluthi moja, yaani kilowati 40. Kama mikate inapozwa chumba kingine itapungua, kama oveni ni kuukuu na ukuta wake huwezi kuweka mkono, itazidi.

Mota za kukanda na taa, kilowati 4. Watu, wati 100 kila mmoja hivi, tuseme kilowati 1.

Halafu paa. Hili ndilo wengi wanalisahau kabisa, na saa saba mchana paa ni oveni ya tatu. Bati kuukuu lililoshika kutu na halina chochote chini yake linaweza kuingiza wati 150 kwa kila mita ya mraba adhuhuri. Paa letu lina mita za mraba 300 hivi ukihesabu na mteremko, hizo ni kilowati 45, zaidi ya oveni zetu mbili! Ukilipaka rangi nyeupe na ukalitunza lisigeuke kahawia kwa vumbi, inashuka mpaka kama wati 50, yaani kilowati 15. Nachukua paa jeupe. Jumla yetu ni 40 + 4 + 1 + 15, kilowati 60.

Ukiacha bati la kutu jumla inakuwa 90 na matundu yote utakayoona hapa chini inabidi yaongezwe mara moja na nusu. Kwa hiyo kabla hujakata ukuta nunua rangi kwanza, ni bei rahisi kuliko chuma.

Hatua ya 2: hewa inayotakiwa

Sasa amua unakubali hewa inayotoka juu iwe na joto zaidi ya nje kwa nyuzi ngapi. Nje ikiwa 32, hakuna tundu litakalokupa 30 ndani, hilo lieleweke mapema ili mwenye kiwanda asije akadai. Mimi nachukua nyuzi 5. Huko chini wanakosimama watu, kama hewa inaingilia chini na kutokea juu, tofauti itakuwa ndogo kuliko hiyo maana joto linapanda na kukaa darini.

```
Q = P / (1.15 × dT)
```

Q ni mita za ujazo za hewa kwa sekunde, P ni kilowati, dT ni zile nyuzi 5, na 1.15 ni joto ambalo mita moja ya ujazo ya hewa yetu inabeba kwa kila nyuzi moja. Inatoka 60 / (1.15 × 5) = 10.4. Ukipiga kwa saa na kugawa kwa ujazo wa banda utaona hewa yote inabadilika mara 24 hivi kila saa moja. Mtu akikwambia mara sita zinatosha, hiyo ni namba ya ofisi, sio ya banda lenye oveni.

Hatua ya 3: ukubwa wa matundu siku ya shwari

Kinachosukuma hewa ni kimo kati ya tundu la chini na la juu, ukipima kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya lingine. Matundu yetu ya chini katikati yake ni mita 1 kutoka sakafuni, ya juu yako mgongoni mwa paa mita 6.5, kwa hiyo H ni 5.5. T ni joto la hewa kwa kelvini, 32 + 273 = 305, na A ni uwazi wa matundu kwa mita za mraba.

```
A = Q / (0.6 × sqrt(2 × 9.81 × H × dT / T))
1/A² = 1/A_chini² + 1/A_juu²
```

Ile 0.6 ipo kwa sababu hewa ikipita kwenye tundu lenye kingo kali inajibana, haitumii uwazi wote. Ukiingiza namba, kwenye mzizi unapata mita 1.33 kwa sekunde, mara 0.6 inakuwa 0.8, na 10.4 / 0.8 = mita za mraba 13.

Sasa tulia hapa kidogo, maana hii 13 sio tundu la chini wala sio la juu, ni yote mawili yakifanya kazi kwa kufuatana, hewa ile ile inapita mlango wa kuingilia halafu wa kutokea na kila mmoja unaibana. Ukitaka yalingane, kila moja liwe 13 × 1.41 = mita za mraba 18.4. Kumi na nane na nusu chini, kumi na nane na nusu juu. Ndio, ni kubwa. Ukiwaambia watu wanashtuka, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Na hapa ndipo kosa kubwa linapotokea: mtu anafungua chini kweli kweli, milango, madirisha, kila kitu, halafu juu anaweka kijitundu. Tuseme juu kaweka nusu, 9.2. Angalia ule mstari wa pili wa fomula, jumla ya matundu yanayofuatana haiwezi kuzidi lile dogo, kwa hiyo hata ukibomoa ukuta mzima wa chini hutafika 13, utaishia 9.2. Ukibaki na 18.4 chini na 9.2 juu, A inakuwa 8.2 na zile nyuzi 5 zinapanda mpaka 6.8.

Kingine cha kujua ni kwamba nyuzi hazishuki sawa na matundu yanavyokua. Ukitaka kutoka 5 mpaka 2.5 huongezi mara mbili, unaongeza mara 2.8, maana joto likipungua ndani na msukumo wenyewe unapungua. Ndio maana sipendi kung'ang'ania nyuzi 2 au 3 kwa matundu peke yake, ni afadhali kupunguza kilowati za hatua ya kwanza.

Hatua ya 4: tundu la mgongoni, lichore vizuri

Kwenye karatasi tuna 18.4 juu. Ukigawa kwa mita 24 za mgongo unapata mwanya wa sentimita 77. Fundi atakata mwanya huo, halafu ataweka kofia ya bati juu yake kuzuia mvua, na kofia hiyo ataiinua sentimita 15 tu kwa sababu anaogopa mvua ya kusi inayokuja ya kulala. Sasa hewa baada ya kupita mwanya inatakiwa itoke pembeni chini ya kofia, na huko pembeni kuna 2 × 0.15 × 24 = mita za mraba 7.2. Umekata kumi na nane ukaziba na saba! Ukifuatanisha zote, banda linafika nyuzi 8 badala ya 5, na ukisimama chini ukatazama juu unaona mwanya mpana mzuri, huwezi kujua shida iko wapi mpaka upande ngazi upime kofia.

Kwa hiyo mwanya na pembeni za kofia navyo vinafuatana, fomula ni ile ile ya moja chini ya mraba. Kinachofanya kazi kwa banda hili ni mwanya wa mita 1 (mita za mraba 24) na kofia iliyoinuliwa sentimita 60 kila upande (28.8 kwa pamoja). Vikifuatana vinatoa 18.4 kamili.

Fundi atakwambia "bosi, sentimita 60 mvua itaingia yote." Ana haki, mvua itaingia kama ukiacha wazi hivyo hivyo. Dawa yake sio kushusha kofia, dawa ni kusimamisha bati lingine nje ya kofia, pande zote mbili, kama ukuta mfupi unaoanzia chini kidogo ya mdomo wa kofia na kupanda mpaka juu yake, ukiacha nafasi ya angalau hizo hizo sentimita 60 kati ya bati na kofia. Mvua ya kulala inapiga ukuta huo na kushukia kwenye paa (acha mwanya mdogo chini maji yatoke), na hewa moto inapanda kati yao. Ukuta huo utakusaidia pia kwa upepo, nakuja huko.

Hatua ya 5: matundu ya chini na waya wa nzi

Chini tunataka 18.4. Kila ukuta mrefu una mita 24, toa milango, rafu na sehemu za oveni, zinabaki kama mita 18 kila upande. Mita 36 kwa urefu wa nusu mita, hizo ni 18, tunakubali. Anzia sentimita 75 kutoka sakafuni, mwisho mita 1.25, ndio katikati inakuwa mita 1 kama tulivyohesabu.

Lakini ni chakula, lazima waya wa mbu uwepo. Waya mpya unabakiza uwazi wa kama asilimia 60, na kwenye kiwanda cha mikate unga unaelea hewani na kuganda kwenye waya, ukichanganyika na chumvi ya bahari na unyevu unakuwa kama gundi. Kwa hiyo 18.4 / 0.6 ni karibu mita za mraba 31, na hapo ni waya msafi. Badala ya kukata ukuta mpaka 31, njia ninayoipenda ni kutengeneza fremu ya waya inayotokeza nje kwa mshazari, kama kisanduku kilichobandikwa ukutani, eneo la waya liwe mara mbili ya tundu lenyewe. Tundu la ukuta linabaki nusu mita, waya unakuwa na nafasi ya kupumua hata ukichafuka kidogo, na fremu iwe na bawaba ili mtu aitoe na kuiosha. Waya wa kupigiliwa misumari hauoshwi na mtu yeyote.

Luva nazo ni hivyo hivyo, luva za kawaida zinabakiza kama nusu ya uwazi, usihesabu ukubwa wa fremu. Nondo za kuzuia wezi hazina shida, zinachukua kidogo tu.

Hatua ya 6: sasa upepo

Huu ndio upande unaoshangaza. Msukumo wote wa joto tuliouhesabu, ukiuandika kwa paskali ni kama paskali 1, yaani uzito wa maji ya kimo cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kitu kidogo mno. Upepo wa mita 2.5 kwa sekunde, ambao kwa Malindi ni upepo mdogo tu, una presha ya paskali 3.6 ukipiga uso wa ukuta. Kwa hiyo upepo mdogo tu anamshinda joto, na swali la maana ni anasukuma kuelekea wapi.

Mwelekeo wake sasa: kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini na kusini mashariki, na pwani yetu imetazama mashariki kidogo kusini. Yaani misimu yote miwili upepo wa mchana unakuja zaidi upande wa baharini. Kwa hiyo mgongo wa paa ukilala kufuata pwani, upepo unapiga ukuta mrefu wa mashariki, unasukuma hewa ndani, na ukipita juu ya paa unanyonya mgongoni. Hiyo ndiyo unayotaka.

Kasi usichukue ile ya kiwanja cha ndege kama ilivyo. Kule ni wazi na kipimo kiko mita 10 juu, kiwanda chako kiko katikati ya nyumba na minazi. Mimi nachukua nusu. Kwa 2.5, na tofauti ya presha kati ya kuta na mgongo nikiichukulia ndogo kwa tahadhari, 0.3 tu ya ile 3.6, napata paskali 1.1 za kuongeza kwenye ile 1 ya joto. Fomula kamili ni:

```
Q = 0.6 × A × sqrt(2 × (p_joto + p_upepo) / 1.15)
```

Ukitatua pamoja na hatua ya 2 (unajaribu dT mpaka Q mbili zilingane, mara tatu nne inatosha, usisahau p_joto nayo inabadilika na dT) inatoka nyuzi 3.7. Kwa hiyo siku ya shwari 5, siku ya upepo wa kawaida chini ya 4. Hapo upepo ni nyongeza tu, kiwanda hakimtegemei.

Sasa mgeuze. Kuna mabanda yenye tundu la juu upande mmoja tu, paa moja limeinuka kuliko lenzake, na mdomo umetazamishwa mashariki "ili ushike upepo". Tundu la kutokea linaposhika upepo halitoki kitu. Mdomoni presha ni juu, ukuta wa magharibi presha ni chini, tofauti inaweza kuwa 0.6 kinyume, na paskali 3.6 × 0.6 ni 2.2 dhidi ya 1 ya joto. Hewa inaingilia juu, inalisukuma joto la darini kichwani kwa wafanyakazi, na moshi wa mlango wa oveni unashuka. Kwa tofauti hiyo upepo wa mita 1.7 kwa sekunde tu unatosha kusimamisha kila kitu. Kama banda lako liko hivyo tayari, geuza mdomo uangalie magharibi au simamisha ule ukuta wa bati mbele yake. Tundu la mgongoni lenye kuta za bati pande zote mbili halijali upepo unatoka wapi, karibu kila mara linanyonya, ndio maana nalipendelea.

Asubuhi mapema upepo huwa unatoka bara kidogo, ni mwepesi, sijamwekea hesabu yake, lakini ndio sababu matundu ya chini nayaweka pande zote mbili.

Hatua ya 7: kupima baada ya kujenga

Siku ya kwanza chagua mchana wa shwari, oveni ziwe zimewaka saa mbili au tatu. Weka kipimajoto kimoja nje kivulini karibu na tundu la chini, kingine mwanyani juu, kisione jua wala kisiguse bati. Tofauti ikiwa 5 au 6 uko sawa. Ikiwa 8 au zaidi kuna kitu kimebana.

Kutafuta kilichobana, washa udi, pita nao tundu hadi tundu. Chini moshi uvutwe ndani, juu ukimbilie nje. Moshi ukitoka nje kwenye madirisha ya kati, ya mita 2 na nusu hivi, ujue tundu la juu ni dogo, joto limejaa mpaka limeanza kutafuta njia nyingine. Moshi ukiingia ndani kwenye madirisha ya juu, mita 4, basi chini ndiko kumebana, na mara nyingi ni waya umejaa unga. Matundu mawili yakilingana, mstari ambao hewa haiingii wala haitoki unakaa katikati, kwetu ni mita 3.75, dirisha likiwekwa hapo halina kazi zaidi ya mwanga. Na kama kuna ofisi ya ghorofani juu ya mstari huo yenye dirisha la kutazama bandani, lifungwe kwa kioo, la sivyo hewa moto itaingia kwa meneja.

Feni ya kunyonya iliyobandikwa juu ya ukuta karibu na paa izime wakati wa kupima na ikiwezekana iondoe, inavuta hewa safi kutoka mgongoni badala ya kutoka chini na kuharibu mtiririko wote. Usiku wakati oveni zinawaka matundu ya chini yasifungwe yote kwa ajili ya usalama, mgongo ukiwa wazi na chini kumefungwa banda litatafuta hewa popote, hata kwenye bomba la moshi la oveni, na moshi wake una kaboni monoksidi.

Anayesimama mbele ya mlango wa oveni atakuja kukwambia bado anaungua hata kipimajoto kikionyesha 5. Anasema kweli. Yeye anapigwa na miale ya moto wa mlango na ukuta wa oveni, na miale haipungui kwa hewa. Yeye mtengenezee ngao ya bati linalong'aa, likae sentimita chache kutoka ukuta wa oveni na lifunguke juu na chini, hewa ipite nyuma yake na kupanda moja kwa moja mgongoni.